Dola 12.50 zangu, na kijana wa giche aliyeniambia nisome vizuri

Huduma hii ya pesa kwa simu nilikuwa nikiisifu kwa kila mtu sokoni Virunga, hapa Goma. Leo siisifu. Pesa niliipata, lakini namna walivyonijibu pale giche bado inanikaa kooni.

Kisa chenyewe ni hiki. Nilikuwa na dola 212.40 kwenye simu. Nilienda kabini kutoa 100 za kulipia mzigo wa vitenge. Mtandao ukakata katikati: kwangu ikaonekana pesa imetoka, kwa kijana wa kabini hakuna meseji iliyoingia. Hakunipa kitu, na alikuwa na haki, maana akitoa noti bila meseji, hasara ni yake. Tukarudia, safari hii ikapita, nikapokea 100 zangu mkononi. Baadaye yaya yangu akanitumia 40 kutoka Bukavu, nami nikatuma 60 kwa mtu wa mzigo. Kwa hesabu ya daftari langu, frais za kawaida zikishatolewa, nilipaswa kubaki na 89.00. Simu ikaonyesha 76.50. Zilipungua 12.50.

Watu wa avenii wakamrukia kijana wa kabini mara moja. Mimi nilikataa. Mteja anapotoa pesa, salio la simu ya kabini linaongezeka kwa kiasi kilekile. Kijana alifungua simu yake mbele yangu, akapanda hadi saa ile, na meseji ya 100 ilikuwa moja tu. Kama angekuwa amekula ile ya kwanza, zingekuwa mbili.

Basi nikaenda kwenye ofisi yao. Kijana wa giche hakuinua hata macho. Nikamweleza, akasema, "Mama, hiyo ni frais." Nikamwambia frais haiwezi kufika huko. Akasema niangalie kwenye akaunti ya franga, labda zilirudia kule. Hilo lilinikasirisha kuliko yote, kwa sababu mtu anayekaa pale kila siku anajua kwamba akaunti ya dola na ya franga kila moja ina salio lake, na muamala wa dola ukifutwa unarudi kwenye dola. Akaunti yangu ya franga haikuwa imetikisika. Mwishowe akanitumia picha mbili za skrini kwa WhatsApp, akasema, "Soma vizuri mama, iko yote," akamwita mtu aliyekuwa nyuma yangu.

Haikuwa yote. Na niliyasoma vizuri kweli, nyumbani, usiku, na kalamu mkononi.

Taarifa ile inaweka mambo mapya juu na ya zamani chini, kwa hiyo nilianza chini kabisa nikapanda. Kiasi kilichoandikwa kwenye mstari sikukitegemea sana, kwa sababu muamala ulioshindikana nao unaweza kuonyesha kiasi wakati haukugusa pesa. Nilishika safu ya mwisho, ile ya Solde. Salio la mstari wa chini, ukitoa kilichotoka au ukiongeza kilichoingia, lazima litoe salio la mstari unaofuata juu yake. Pale linapokataa kufuatana ndipo pesa ilipo.

Picha ya kwanza ilikuwa hivi, nikiigeuza ili mstari wa chini uje kwanza:

```
                         Solde
Retrait     -100.00     112.40
Frais         -2.50     109.90
Retrait     -100.00       9.90
Frais         -2.50       7.40
Annulation  +100.00     107.40
```

Hesabu inafuatana mstari kwa mstari. Lakini tazama ile Annulation. Imekaa mbali na Retrait ya kwanza kwa sababu inaandikwa saa iliyokamilika, siyo saa ya kosa, na yangu ilirudi kesho yake. Kilichonionyesha kuwa ni ya muamala ule ni nambari ya rejea ya Retrait ya kwanza, iliyoandikwa kwenye maelezo yake. Wamerudisha 100. Lakini Frais iliyokatwa pamoja nayo haikurudi, wala hakuna mstari mwingine juu unaoirudisha. Nimelipa dola 2.50 kwa huduma ambayo haikufanyika! Hiyo ni sehemu ya kwanza ya pengo langu.

Picha ya pili inaanza na zile 40 za yaya, na salio pembeni yake ni 137.40. Toa 40, unapata 97.40. Lakini picha ya kwanza iliishia 107.40. Katikati ya picha mbili kuna dola 10 zimetoka na mstari wake hauonekani. Kijana aliteremsha skrini haraka, akapiga picha ya pili baada ya kuruka mstari mmoja, kisha akaniambia iko yote. Mistari iliyobaki, 60 na frais yake ya 0.90, ilifuatana hadi 76.50 bila tatizo. Kwa hiyo 10 na 2.50, ndiyo 12.50 yangu kamili. Na frais zote zilizoonekana kwenye taarifa, ukizijumlisha, ni 5.90. Ile "ni frais" ya giche ilikuwa jibu la kumfukuza mtu.

Nilirudi na karatasi yangu. Namshukuru Mungu kijana hakuwepo. Alikuwepo mama mmoja wa makamo, akanikalisha, akafungua taarifa nzima kwenye kompyuta yake, na mstari uliorukwa ukaonekana: umeme, dola 10. Mume wangu aliulipia jioni moja kwa simu yangu, baada ya zile 100 kurudi, na pesa ilifika kwenye kaunta yetu ya umeme sawasawa. Kumbe 10 zile hazikupotea kwa mtu yeyote, ila ile picha iliyokatwa ndiyo iliyozifanya zionekane zimeibwa, na ndiyo iliyokaribia kuzidi kumharibia jina kijana wa kabini ambaye hana kosa. Hilo silisamehi.

Kwa zile 2.50 yule mama hakubishana. Alichukua nambari za Retrait na Annulation, akaandika dai, akanipa nambari ya dai. Baada ya siku kadhaa mstari mpya ukatokea, +2.50, salio likapanda. Nikasema basi, hawa watu si wabaya, nitawapa alama nzuri. Halafu nikafikiria: muuza makala wa Kituku asiyejua kusoma safu ya Solde, yeye nani atamrudishia? Mfumo unaojua kurudisha 100 peke yake unashindwaje kurudisha frais yake? Alama nzuri nimeziondoa tena.

Kuhama siwezi. Benki nyingi zilifunga milango hapa Goma mwisho wa Januari 2025, na tangu hapo simu ndiyo sanduku letu. Kwa hiyo kama yamekupata, usikubali picha za vipande: dai taarifa nzima, ya dola na ya franga kila moja peke yake, kuanzia siku moja kabla ya tatizo hadi siku chache baada yake, ili Annulation iliyochelewa iingie ndani. Panda na salio kutoka chini, na ukiona Annulation, tafuta kama frais yake nayo imerudi. Na ukifika pale ofisini, mtafute yule mama. Kijana wa giche mimi sitasimama tena mbele yake.