Miezi 8 na WireGuard: mstari wa AllowedIPs ulivyonipa raha, kisha ukanikatia intaneti

Natumia WireGuard kuingia mtandao wa ofisi nikiwa nyumbani, kwenye kompyuta ya Linux na simu ya Android. Mwanzoni nilipewa faili la mipangilio lenye `AllowedIPs = 0.0.0.0/0`, yaani kila kitu kipite kwenye handaki. Ilifanya kazi, lakini hata kikao cha video kilikuwa kinazunguka hadi ofisini ndipo kitoke nje. Sauti zikawa zinakatika, na wa kulaumiwa hakuwa mtu wa ofisini wala laini yangu. Ni mzunguko tu.

Ninachokitaka ofisini ni kidogo: seva ya faili na mfumo wa stoo, vyote viko kwenye anwani zinazoanza na 10.20. Nikabadilisha mstari mmoja:

```
[Peer]
Endpoint = 203.0.113.10:51820
AllowedIPs = 10.20.0.0/16
```

Hiyo `/16` maana yake namba mbili za mwanzo zimefungwa na mbili za mwisho ni zozote, jumla anwani 65,536. Zinazoangukia humo huenda ofisini, zilizobaki hutoka moja kwa moja kupitia ruta yangu. Vikao vya video vilitulia siku hiyo hiyo. Kama ningeandika maoni haya wiki ya kwanza, ningetoa nyota 5 na kwenda zangu.

Wiki ya pili nikahitaji mashine moja ya zamani ya ofisini, ya kusoma mahudhurio, ambayo haikuwahi kuhamishiwa kwenye 10.20. Anwani yake ni 192.168.1.50. Nikaongeza kundi lake zima, `192.168.1.0/24`, nikawasha upya. Mashine ikafunguka, nikafurahi. Dakika mbili baadaye printa ya nyumbani ikapotea, na kivinjari kikagoma kufungua ukurasa wowote. Cha ajabu, `ping 1.1.1.1` ilikuwa inajibu vizuri kabisa.

Sikuhitaji kukisia sana, maana Linux ukiiuliza pakiti itapita wapi inakuambia:

```
$ ip route get 192.168.1.1
192.168.1.1 dev wg0 src 10.99.0.7 uid 1000
```

Hiyo 192.168.1.1 ni ruta yangu ya nyumbani, ipo mezani nyuma ya kompyuta, na hapo inasemekana inafikiwa kwa `wg0`, yaani kwa handaki! Mtandao wangu wa nyumbani nao unatumia 192.168.1, kama ruta nyingi zinavyotoka kiwandani. Makundi mawili yalikuwa sawa kwa urefu, na njia iliyowekwa na `wg-quick` ikashinda kwa kuwa `metric` yake ilikuwa ndogo kuliko ile ya waifai. Printa yangu ikawa inatafutwa ofisini. Kompyuta yangu pia huuliza majina ya tovuti kwa ruta hiyo, kwa hiyo maswali ya DNS nayo yakaenda ofisini na hayakurudi na jibu. Ndiyo maana namba zilijibu na majina yakafa. Ukiona hali hiyo, usianze kuzima ruta. Angalia kwanza maswali ya majina yanapita wapi.

Nikampigia fundi wetu wa mtandao. Akacheka. "Ndugu yangu, umebeba mtaa mzima kwa ajili ya nyumba moja. Andika anwani ile tu, weka /32."

```
AllowedIPs = 10.20.0.0/16, 192.168.1.50/32
```

Njia inayotaja anwani chache zaidi ndiyo inayofuatwa. `/32` ni anwani moja, `/24` ni 256, basi 192.168.1.50 inaenda ofisini na majirani zake wote wanabaki nyumbani. Nilichobakiza ni kuingia kwenye ruta na kuhakikisha haitamgawia mtu namba 50 hapa nyumbani. Nilisogeza mwanzo wa mgao hadi 100, tangu hapo sijasikia lolote.

Kitu kingine kilichonichukua muda kukielewa: AllowedIPs haipangi njia tu, ni orodha ya ruhusa pia. Siku moja nilijaribu ujanja wa kuongeza njia kwa mkono, `ip route add`, bila kugusa faili. Jibu likawa `Required key not available`. WireGuard ilikuwa inasema haina upande wa pili uliopewa anwani hiyo, basi haijui iisimbe pakiti kwa ufunguo wa nani. Upande wa kupokea ni hivyo hivyo, ila huko hakuna ujumbe wowote: pakiti iliyotoka kwenye anwani isiyo kwenye orodha inatupwa kimya kimya. Kwa ofisini, jina langu kwenye orodha ni `10.99.0.7/32` tu, na nikijibadilishia anwani nitaona ukimya huo.

Kwa majina ya ndani ya ofisi niliongeza `DNS = 10.20.0.53`, ambayo iko ndani ya handaki. Faida ni kwamba sikariri namba tena. Hasara ni kwamba sasa kila jina ninalolitafuta, hata la tovuti zangu binafsi, linaulizwa ofisini, ingawa ukurasa wenyewe unashuka moja kwa moja. Mimi nimekubali. Wewe amua ukijua hivyo.

Malalamiko yangu ya kweli ni mawili. La kwanza, hakuna mahali pa kuandika "vyote isipokuwa hiki". Ukitaka kila kitu kipite kwenye handaki kasoro `/24` moja, inabidi uandike vipande 24 vinavyolizunguka kundi hilo. Programu ya simu inapunguza maumivu kidogo kwa kitufe cha `Exclude private IPs`, na pia inaruhusu kuchagua programu zipi zipite na zipi zisipite, jambo ambalo kwa simu naliona ni bora kuliko kuhesabu anwani.

La pili, AllowedIPs inataka namba, haipokei jina. Mfumo wetu wa mishahara uko nje ya ofisi na unakubali wanaotokea anwani ya ofisi pekee, lakini anwani zake wenyewe hubadilika. Niliandika tatu, asubuhi yake ikaja ya nne. Nikaacha kuzifukuza. Sasa nina faili la pili, `wg-yote`, la siku za mishahara. Nalo mara ya kwanza lilinikatalia, kwa sababu niliandika `0.0.0.0/0` peke yake na kivinjari kikapitia IPv6, nje ya handaki. Nilipoongeza `::/0` kikakosa jibu kwa njia hiyo, kwa kuwa ofisi haina IPv6, kikarudi IPv4 na kupokelewa.

Faili zote mbili zinatumia ufunguo mmoja, basi nashusha moja kabla ya kupandisha jingine:

```
wg-quick down wg0
wg-quick up wg-yote
```

Nikisahau kurudisha, wenzangu kwenye kikao ndio huniambia sauti inakatika. Nyota 4.