Uzoefu wangu: nilivyomwombea mama chumba cha chini Mji Mkongwe

Mama yangu ana miaka 78, anatembea kwa mkongojo, na ngazi haziwezi tena. Tulipoalikwa harusi Unguja ilitubidi tulale Mji Mkongwe, karibu na nyumba ya bibi harusi. Hoteli nyingi za kule ni majumba ya zamani ya mawe. Ngazi zake zimesimama wima, lifti ni nadra, na vyumba vinavyosifiwa viko juu.

Mtandao niliotumia kuhifadhi chumba una sehemu ya maombi maalumu, lakini hapohapo unakuambia kwamba ombi si ahadi. Kwa hiyo niliiandikia hoteli yenyewe:

*Kichwa: Chumba cha chini kwa mama mzee, Ijumaa, kufika saa 3:30 asubuhi*

*Habari za kazi. Nimehifadhi chumba kwenu kuanzia Ijumaa. Namba ya nafasi iko chini. Atakayelala ni mama yangu, miaka 78, hapandi ngazi. Tunaomba chumba cha chini chenye utulivu. Kutoka mlango wa mbele hadi kitandani kuna vidato vingapi, na bafuni je? Chumba kinapakana na nini: mapokezi, jiko, jenereta? Gari linaishia wapi, na kutoka hapo ni mwendo gani kwa miguu? Tutapanda boti ya saa 1 asubuhi kutoka Dar. Je, usiku wa Alhamisi chumba hicho kina mgeni? Kama kina mgeni, mnaweza kutupatia saa ngapi, na kwa malipo gani? Naomba mniandikie namba ya chumba. Ahsanteni.*

Maswali hayo yalikuwa na sababu. Chumba cha chini na utulivu ni mambo yanayogombana, kwa kuwa chini ndiko kuliko na mapokezi, jiko na jenereta, na dirisha la mbele liko sawa na vichwa vya wapita njia. Ukiomba "chumba cha chini" tu utapewa kile cha kando ya mlango, na mzee hatalala. Tena chini si lazima pawe tambarare: milango ya kale ya Kizanzibari ina kizingiti cha kuruka, na mara nyingi mbele yake kuna vidato vya baraza.

Kuhusu kuingia mapema, kitu kinachoamua ni mgeni wa usiku uliotangulia. Kwenye hoteli hiyo wageni hutoka saa 4 asubuhi na wapya huingia saa 8 mchana. Chumba kikiwa na mtu, hata meneja mwenye huruma hawezi kukufungulia saa 3. Njia ya uhakika kabisa ni kulipia pia usiku wa kabla.

Jibu lilikuja kesho yake, nami nalisifu kwa sababu lilikuwa la kweli. Waliniambia vyumba vya chini viko viwili. Cha mbele kinatazama njia na kilikuwa wazi Alhamisi. Cha nyuma kinatazama ua, mbali na jenereta, lakini kilikuwa na mgeni. Wangekisafisha kwanza na kutukabidhi kabla ya saa 5, bila malipo ya ziada. Mlangoni kuna vidato viwili na kizingiti, ndani ni sawa. Gari huishia mwanzo wa uchochoro, kama dakika tatu za mwendo wa kawaida. Nikachagua cha nyuma, maana kusubiri ni mara moja, kelele ni kila usiku.

Tulipofika, kijana wa zamu ya asubuhi hakuwa na habari. Alishachukua begi kulipeleka ghorofa ya pili. Nilimwonyesha jibu lenye namba ya chumba, akaomba radhi na mambo yakanyooka. Ningeshauri kupiga simu jioni ya kuamkia safari, kwa sababu anayejibu baruapepe siye anayekupokea. Mama alikaa uani kwenye kochi lenye mito, akaletewa chai, na saa 5 kasoro robo alikuwa chumbani.

Usiku umeme ulikatika, jenereta likasikika kwa mbali tu. Jiko huanza kazi alfajiri, lakini mama huwa ameshaamka kuswali.

Jambo moja sikuliuliza kwa kuwa sikulifikiria: kitanda kilikuwa samadari, kirefu kiasi kwamba miguu ya mama haikufika chini alipoketi ukingoni. Hoteli ilileta kigoda, lakini mzee kushuka kwa kigoda gizani ni hatari, nikalala chumba kimoja naye. Mwenye mzee aulize pia urefu wa kitanda. Nawapa nyota nne. Ya tano naizuia kwa ajili ya mapokezi ya asubuhi.