Batiki ya Mkono: Ajali Haijirudii

Nilinunua mita tano za kitambaa nilichoambiwa ni batiki ya mkono, nikampelekea fundi anishonee gauni refu. Siku ya kwanza kulivaa, nikiwa mbele ya kioo, niliona mstari mwembamba wa mpasuko wa nta, ile inayopakwa kuzuia rangi, uliojigawa matawi matatu kama mguu wa kuku. Mguu huohuo ulikuwa tena kwenye paja, na wa tatu ulikuwa karibu na pindo. Nilichukua futi ya fundi nikapima kutoka mguu mmoja hadi mwingine, nikapata sentimita 64, kisha sentimita 64 tena. Hicho ni kipimo cha mzingo wa silinda inayotumika katika viwanda vingi vya kuchapa nguo, maana yake kila silinda ilipokamilisha mzunguko ilirudisha mguu wangu wa kuku palepale.

Uzito wa pamba na uimara wa rangi vimekwisha kuelezwa na wengi, kwa hiyo sitavigusa. Kasoro ninayoitafuta mimi ni moja tu, nayo ni ajali inayojirudia. Wanunuzi wengi hudhani kwamba ua likijirudia, basi kitambaa ni cha mashine, na kwa dhana hiyo huwaonea mafundi wanaotumia muhuri wa kupigia nta, kwa sababu muhuri kazi yake ni kurudia ua. Kisichoweza kurudiwa ni mpasuko. Nta ikishapoa juu ya kitambaa huwa ngumu, na kitambaa kinapokunjwa ndani ya rangi nta hiyo huvunjika na kuruhusu rangi ipenye katika nyufa ambazo hakuna mtu aliyezipanga. Kwa hiyo chagua ufa mmoja wenye umbo la kukumbukika, ufuate kwa urefu wa jora na pia kwa upana, na ukiukuta tena ulivyo, rudisha kitambaa mezani.

Nikizipanga batiki kwa kigezo hicho, nafasi ya kwanza naipa batiki iliyochorwa nta kwa mkono, ambayo hakuna majani mawili yanayolingana hata pale fundi alipokusudia yalingane. Karibu nayo ni batiki ya kufunga, ile inayoitwa pia taidai, lakini hapa pana mtego. Kitambaa kilichokunjwa kabla ya kufungwa hutoa maumbo yanayotazamana kama mtu na kioo chake, na hilo si kosa. Angalia kina cha rangi: mkunjo wa nje hunywa rangi nyingi, na wa ndani hupata kidogo, kwa hiyo umbo linalofuata huwa limefifia kidogo au limekatika. Maumbo yaliyoelekea upande mmoja yakiwa na kina kilekile cha rangi kila mahali, hiyo ni chapa.

Ya pili ni batiki ya muhuri. Tazama viungo, yaani pale muhuri mmoja ulipokutana na mwingine, kwa kuwa mkono haukosi kuteleza kidogo, na nta iliyoanza kupoa huganda juu juu bila kupenya, rangi ikajipenyeza chini yake na kuacha kingo zenye ukungu.

Ya tatu itawashangaza wasomaji, kwa sababu ni ya kiwandani, nami sifichi kwamba naipendelea: batiki ya Vlisco, kampuni ya Helmond nchini Uholanzi iliyoanza mwaka 1846. Mchoro wake huwekwa kwa rola na hujirudia waziwazi, lakini kinachozuia rangi ni utomvu unaovunjika wenyewe, kwa hiyo mishipa na viputo vyake hutofautiana mita kwa mita. Jina lake limeandikwa pindoni, na haijifanyi kazi ya mkono.

Kuhusu vitambaa rahisi vilivyochapwa nyufa za uongo, vinafaa kwa foronya.

Ukaguzi wangu una mpaka wake. Mashine za kuchapa kwa kompyuta zinaweza kutengeneza mchoro mrefu kuliko kipande unachouziwa, na hapo mguu wa kuku hautaonekana mara ya pili. Ndiyo maana wauzaji wananikera. Picha wanazotuma huonyesha kitambaa kilichokunjwa mraba mdogo, wenye upande usiofika nusu mita, na chini yake wameandika kwamba kila kipande ni cha pekee. Nilipomwomba mmoja atandaze mita mbili sakafuni na kuzipiga picha kutoka juu, alinijibu kwamba kitambaa kitachafuka. Mwingine alinitoza bei ya kazi ya mkono, kisha nilipotaka kipande cha pili aliniahidi kinachofanana kabisa na cha kwanza, hata nyufa zake, naye alilisema hilo kwa fahari.