Uzoefu wangu na piano ya kidijitali yenye mifumo mitatu ya kutyuni

Nilinunua piano hii iliyokwisha kutumika kwa sababu moja tu: menyu yake ina kipengele cha Temperament, kinachobadilisha mfumo wa kutyuni papo hapo. Nilikuwa ninaandika makala ya historia kuhusu mifumo mitatu ambayo nilikuwa nimeisoma vitabuni bila kuisikia.

Nilianza na Pure Major, yaani mfumo wa uwiano safi, nikaweka msingi wake kwenye C, yaani do. Do na mi zina uwiano wa 4:5, na zikishikiliwa pamoja sauti hutulia kabisa, kama ya wanakwaya wanaosikilizana. Nilipobonyeza re na la, sauti ilitikisika vibaya, kwa kuwa kipindi hicho cha tano, yaani umbali kutoka noti ya kwanza hadi ya tano, hupungukiwa na senti 22 hivi, ambapo senti 100 ni nusu toni. Hapo nikaelewa kiini cha tatizo: ukipanda kwa tano safi nne kutoka C, E, yaani mi, utakayoifikia huizidi E safi kwa kiasi kilekile, na ziada hiyo haifutiki, bali huhamishwa tu.

Mfumo wa Meantone, ambao mwananadharia wa muziki Pietro Aaron aliueleza mjini Venisi mwaka 1523, huigawa ziada hiyo kwa nne na kuipunguza robo moja kwenye kila tano. Kwa kuwa ipo mifumo kadhaa ya jina hilo, ni kasoro kubwa kwamba kitabu cha maelekezo hakisemi ni upi uliowekwa. Nilijipimia mwenyewe: C na E hazikutikisika hata kidogo, kwa hiyo ni ule wa robo. Kisha nikabonyeza G♯ na E♭. Tano hiyo, ambayo wazee wa Ulaya waliiita mbwa mwitu, imezidi kwa senti 36 hivi, na kweli inabweka. Mpiga ogani wa zamani aliikwepa kwa kutopiga nyimbo zenye funguo, yaani noti za msingi, zilizo mbali na C.

Katika Equal, yaani mfumo wa mgawanyo sawa, ambao hesabu yake Zhu Zaiyu wa China aliikamilisha mwaka 1584, funguo zote zinapigika kwa usawa. Hata hivyo, ukishikilia C ya katikati pamoja na E iliyo juu yake, utasikia mtikisiko wa kama mara kumi kwa sekunde, kwa sababu E imezidi kwa senti 14 hivi.

Ninamshauri mtumiaji achague sauti ya ogani, kwa maana sauti ya piano hufifia kabla sikio halijahesabu mitikisiko. Kwa utafiti wa aina hii ninakipendekeza chombo hiki bila kusita. Katika rasimu yangu nilikuwa nimeandika kwamba mgawanyo sawa "ulisahihisha" mifumo iliyoutangulia; baada ya jioni moja ya kusikiliza C na E, nililifuta neno hilo nikaandika "uliieneza kasoro kwenye funguo zote".