Heat pampu yangu Makete: ilipokuwa inapumzika ndio ilikuwa inanimaliza Luku

Naandika hii kwa ajili ya wenzangu wa huku juu, Makete, Njombe, Mufindi, yeyote anayefikiria kuweka heat pampu ya kupasha nyumba. Mimi nimeifunga nyumbani kwa mama, upande wa kuelekea Kitulo, mita kama 2,600 juu, na sababu ni moja tu, nilikuwa siwezi tena kulala Mbeya mjini nikijua mama amejifungia chumbani na jiko la mkaa. Ule moshi usioonekana unaua watu kila kipupwe. Basi nikajichanga, fundi akaja akafunga boksi la nje ukutani na la ndani juu ya dari, mabomba ya hewa yanakwenda sebuleni na vyumba vitatu, na ndani yake kuna hita ya umeme ya kilowati 5, hiyo ni ya akiba.

Wiki mbili za kwanza za Juni nilifurahi sana kwa sababu mashine ilikuwa inawaka, inapasha, inazima, inapumzika, kama friji vile. Tatizo Luku. Natia ya shilingi 40,000, uniti 112 hivi, siku mbili kwisha. Mama akanipigia, "Mwanangu, hii kitu inakula kuliko ng'ombe, nirudishe mkaa wangu." Nikapanda gari siku hiyohiyo.

Nilichofanya ni kusoma mita, na ndicho nakushauri ufanye kabla hujamlaumu mtu. Zima oveni, pasi na hita ya maji, soma uniti zilizobaki saa 4 usiku, soma tena saa 5. Mimi nikakuta zimekwenda 4 wakati kompresa yangu, yaani ile mota inayoendesha heat pampu yenyewe, peke yake haitakiwi kuzidi 2 na kitu. Kwenye kioo cha termostati kila mashine ikiwaka panaandika `AUX`, yaani hita ya akiba iko kazini, na ukiweka mkono kwenye tundu la hewa unasikia moto wa kweli, wakati hewa ya heat pampu yenyewe ni ya uvuguvugu tu.

Ikabidi nimpigie fundi mwingine (wa kwanza sitaki hata kumsema). Akaingia kwenye setingi akakuta hita imeruhusiwa kuwaka kila nje kukishuka chini ya nyuzi 10. Jamani, Makete mwezi wa sita nje ni chini ya nyuzi 10 usiku kucha! Kwa hiyo hita ilikuwa inawaka pamoja na kompresa kila mara, nyumba inapata joto haraka, mashine inazima, na mimi nafurahi kwamba inapumzika.

Akaishusha mpaka nyuzi 3, tena akaweka sharti la pili kwamba hata hapo hita isiwake mpaka ndani kupungue nyuzi 2 chini ya nilichoomba. Akaondoka. Usiku huo mashine ikawaka saa 12 jioni na HAIKUZIMA mpaka jua limetoka. Nikampigia, "Fundi, sasa umeiharibu kabisa, hii haipumziki." Akasema, "Bosi, soma mita." Nikasoma, uniti 2 na pointi kidogo kwa saa. Nusu ya zamani.

Alivyonieleza ndivyo nilivyoelewa na sasa naona kwa macho. Heat pampu haitengenezi joto kama jiko, inalikusanya kwenye hewa ya nje na kulisukuma ndani, na hata hewa ya nyuzi 0 ina joto la kukusanya, ndio maana Norwe na Ufini zimejaa majumbani. Ila nje kukizidi baridi yanatokea mawili kwa pamoja: nyumba inavuja joto zaidi, na pampu inapata kidogo zaidi. Nyumba ya mama tulikadiria inapoteza kama wati 300 kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya ndani na nje. Ndani 20, nje 8, inahitaji kilowati 3.6 na pampu inaweza karibu 8, basi inazima inawaka. Nje kukifika 0, nyumba inataka 6, na pampu nayo imeshuka mpaka 6 hivi. Zimelingana. Hapo itazima saa ngapi? Haina nafasi ya kuzima, na hiyo sio ugonjwa. Zile za inveta ndio kabisa, zimeundwa ziende polepole muda mrefu. (Kibandiko cha yangu kinasema kilowati 9, lakini hicho ni kipimo cha nyuzi 7 nje, na huku juu hewa ni nyepesi karibu robo kuliko pwani, feni inapitisha hewa kidogo, kwa hiyo ukinunua usiamini kibandiko moja kwa moja.)

Chini ya hapo ndio kazi halali ya hita. Wiki iliyopita kulikuwa na sakitu, viazi vya jirani vimeungua majani, nje nyuzi 2 chini ya sifuri. Nyumba inataka 6.6, pampu inatoa 5.8, pengo ni 0.8, na hita ya kilowati 5 inaliziba kwa kuwaka dakika kama 10 kila saa. Hiyo naikubali kabisa.

Mara nyingine utaona hita imewaka ni pale boksi la nje linapojiyeyusha barafu. Ukungu wetu wa alfajiri unaganda kwenye mapezi yake, mashine inageuza mzunguko, inatuma joto nje, feni ya nje inasimama na mvuke unapanda kama sufuria ya ugali, mama alidhani inaungua. Inachukua dakika 5 mpaka 10, na hita inawaka ndani ili msipulizwe baridi. Ukiona barafu imebaki nene asubuhi nzima hapo sasa muite fundi.

Halafu msiizime usiku mkidhani mnaokoa. Nilijaribu, nikazima saa 4, ndani kukashuka mpaka 13, saa 11 alfajiri nikaomba 20, pengo la nyuzi 7, hita ikaruka palepale ikakaa karibu masaa matatu. Mpaka saa 2 asubuhi uniti 22. Usiku uliofuata, baridi ileile, nikaiacha 18 moja kwa moja, uniti 19, na mama amelala na joto.

Kitu kimoja zaidi, mpwa wangu alibonyeza `EM HEAT` akidhani inaongeza nguvu. Hiyo inazima kompresa kabisa, nje kimya, hita peke yake ndiyo inabeba nyumba, uniti 5 kwa saa na bado ndani kunashuka kwa sababu 5 haitoshi pale panapotakiwa 6. Hiyo ni ya siku kompresa imekufa tu. Nimeibandika karatasi juu yake.

Mashine nimeipenda na mkaa umetoka chumbani. Mwezi wa nane napandisha sufi ya kuzuia joto juu ya dari, maana saa hizi ni jipsamu tupu na bati, na nikipunguza zile wati 300 zikawa 200, hata nyuzi 2 chini ya sifuri nyumba itataka kilowati 4.4 tu na pampu itabeba peke yake.