Uzoefu wangu: pochi ya kunyolea ya miezi tisa Ujerumani, iliyofungwa Arusha

Ninayoipima hapa ni pochi ya turubai niliyoshonewa na fundi wa Arusha mjini, sentimita 22 kwa 14 kwa 8, zipu ya chuma, bitana ya kitambaa kisichopitisha maji, pamoja na vitu vilivyoingia ndani yake. Naipa nyota nne. Moja nimeikata kwa sababu ya bitana: mshono wake uko chini kabisa, na mafuta yakimwagika huko ndiko yanakokimbilia. Ukienda kwa fundi mwambie mshono wa bitana upande ubavuni, si kwenye kitako. Ataguna kidogo kwa sababu kitambaa kinaongezeka, lakini atashona.

Mashine ya kunyolea ndiyo inayostahili nafasi kubwa humo. Sabuni, dawa ya meno na deodoranti zinauzwa kila duka huko uendako. Mashine uliyoizoea, inayojua nywele za kipilipili, ni habari nyingine, na kinyozi anayejua kuchonga nywele hizo hayupo kila mtaa.

Mashine zinazotumika sana saluni zetu ni zile nzito za waya, zenye koili ndani. Geuza yako usome kibandiko. Ikiwa kimeandikwa `220-240V 50Hz` pekee, Ujerumani itafanya kazi sawasawa kwa sababu umeme wao ni volti 230 kama wetu. Marekani, penye volti 120 na hezi 60, mashine hiyo hiyo itanguruma tu bila kukata. Sumaku ya koili inakosa nguvu, na springi yake ilipangwa kucheza na hezi 50. Adapta haitakuokoa, maana adapta inabadilisha umbo la plagi, haigusi volti. Kwa sababu hiyo nilichagua ya kuchaji yenye kibandiko `INPUT: 100-240V ~ 50/60Hz`. Plagi yetu ya miguu mitatu ya bapa inaingia Uingereza bila adapta. Ujerumani wanatumia miguu miwili ya duara, kwa hiyo adapta moja inatosha, na ikae pochini pamoja na chaja.

Betri isikutishe. Yangu ni ya volti 3.7 na milliampia-saa 1,200, yaani wati-saa 4.4 hivi, wakati kikomo cha kawaida cha mashirika ya ndege ni wati-saa 100. Hatari yenyewe ni mashine kujiwasha ndani ya begi. Kama ina kufuli ya swichi, ifunge. Kama haina, kata kipande cha kadibodi, kiweke juu ya swichi, zungushia mpira wa kufungia pesa. Kisha iweke kwenye begi la mkononi. Ikijiwasha utaisikia ikilia, na ikipata moto kuna mtu wa kuiona.

Kabla ya kuifunga, tazama meno yake. Yapo ya mbele, yasiyosogea, na ya nyuma, yanayocheza. Yanayocheza lazima yabaki nyuma kidogo ya yale ya mbele, kama unene wa kucha. Yakilingana au yakipita, mashine inauma, na shingoni utaona vimistari vyekundu. Skrubu mbili za chini ndizo zinazoyashika, na mitikisiko ya safari huzilegeza. Kwa hiyo ukifika, kabla ya kugusa kichwa, pitisha mashine ikiwa inawaka upande wa ndani wa mkono, polepole. Ikiuma, legeza skrubu, sogeza meno mpaka yanayocheza yarudi kidogo nyuma ya yale ya mbele, kaza, jaribu tena. Ikivuta nywele badala ya kuzikata, tatizo ni uchafu au ukavu, wala usikimbilie skrubu. Bisibisi fupi niliiweka kwenye begi kubwa, maana ndefu kuliko sentimita 6 hairuhusiwi kuingia nayo ndani ya ndege Ulaya, na sikuona haja ya kupimiana rula na mkaguzi.

Mafuta ya mashine: matone matatu kila ukinyoa, moja kila pembe na moja katikati, uwashe sekunde kumi, ufute. Ukinyoa kila wiki mbili kwa miezi tisa ni mara 20 hivi, matone 60. Mililita moja ina matone kama 20, kwa hiyo jumla ni mililita 3. Kichupa cha mililita 10 kinabakiza, na mafuta mepesi ya cherehani yanafaa kabisa. Kosa ninaloliona kwa wengi ni kupaka mafuta ya nazi. Yanaganda chini ya nyuzi 24 hivi, na kwenye chumba chenye baridi meno yanashikana. Mafuta ya kula nayo hugeuka gundi baada ya wiki chache.

Vichana nilibeba viwili tu, namba moja na namba mbili, yaani milimita 3 na 6. Seti nzima ya vichana nane inajaza pochi bure. Anza na namba mbili kichwa kizima, ukipeleka mashine kinyume cha nywele zinavyolala, kisha namba moja pembeni. Kwa kisogo unahitaji vioo viwili, kimoja cha ukutani na kimoja cha mkononi. Cha mkononi kiwe cha plastiki, kisichovunjika, ukubwa wa kiganja. Kingo za shingoni ziache mwisho, uzichonge kwa mashine tupu ukiwa umeigeuza.

Kwa ndevu sikubeba wembe kabisa. Nywele za kipilipili zikikatwa sambamba na ngozi, ncha yake kali hujikunja na kurudi ndani, na hapo ndipo vipele vya ndevu vinapozaliwa. Mashine bila kichana inabakiza kiasi kidogo juu ya ngozi, na kiasi hicho ndicho kinga. Anayetaka kidevu king'ae ajue kwamba kiwembe cha bapa, kile cha kupakua kwenye karatasi, hakiruhusiwi kwenye begi la mkononi. Nyembe za kutupa, ambazo bapa limezama ndani ya plastiki, hupita. Mkasi unapita Ulaya kama makali hayazidi sentimita 6 kuanzia kwenye kiungo chake. Kikata kucha hakikuleta maneno popote.

Kwenye mafuta na losheni ndiko pochi nyingi zinakoharibikia. Sheria ya viwanja vingi ni kila chombo kisizidi mililita 100, na vyote viingie kwenye mfuko mmoja unaoonekana ndani wa lita moja. Kinachohesabiwa ni ukubwa wa chombo, si kilichobaki ndani. Chupa ya mililita 200 yenye losheni ya kidole kimoja inatupwa. Mafuta ya mgando, hata yawe magumu vipi, yanahesabiwa kama kimiminika. Na usisahau kwamba ukibadilisha ndege Addis Ababa au Doha unakaguliwa tena, kwa hiyo kupita uwanja wa Kilimanjaro, KIA, hakumalizi kazi.

Sasa kumwagika. Ndani ya ndege hewa hupunguzwa hadi kufanana na ya mahali penye urefu wa mita 1,800 hadi 2,400 kutoka usawa wa bahari. Arusha mjini tuko kama mita 1,400, KIA ni kama mita 890, na Moshi mjini si mbali na hapo. Chukua chupa ya mililita 100 yenye mafuta 70 na hewa 30. Ukiifunga Moshi, ile hewa ya 30 ikifika juu inataka nafasi ya 36. Mililita 6 za mafuta, zaidi ya kijiko cha chai, zinasukumwa mlangoni, na kama chupa imelala zitatafuta njia. Ukiifunga Arusha inataka 34 tu. Ukiifunga Dar es Salaam, inataka 40. Ndiyo maana ndugu wa pwani analalamika losheni imemwagika ilhali ya kwako ya chapa ile ile iko salama.

Dawa yake ni kuitoa hewa. Chupa laini iminye mpaka losheni ifike mdomoni, ifunge ikiwa bado imebonyea. Ikifika juu itajinyoosha bila kusukuma kitu. Chupa ngumu ijaze karibu na shingo, weka kipande cha nailoni mdomoni, kisha kaza kifuniko juu yake. Ukifungua chupa ya maji angani ukaifunga, halafu ukashuka nayo Frankfurt, utaikuta imebonyea yenyewe. Haijaharibika, ni hewa ile ile imerudi kwenye kipimo chake.

Mafuta ya nazi yanahitaji neno la peke yake. Moshi, wakati wa joto, ni maji. Arusha asubuhi za Julai yameganda tayari. Ujerumani kipindi cha baridi yanakuwa jiwe ndani ya chupa yenye mdomo mwembamba, na utaishia kuichovya kwenye maji ya moto kila asubuhi kama chupa ya mtoto. Yahamishie kwenye kopo la mdomo mpana la mililita 50, lenye kifuniko cha kuzungusha, uyachote kwa kidole. Kopo hilo lifunge wakati yameganda, si yakiwa maji, utajua mara moja kama kifuniko kimekaa sawa.

Losheni ndiyo niliyoikosea hesabu. Chupa ya 100 nilidhani itatosha wiki mbili. Kwa hewa kavu ya ndani ya nyumba zenye hita, iliisha siku ya sita. Kupima kwa usahihi ni rahisi: wiki moja kabla ya safari chora mstari kwa kalamu kwenye chupa ya nyumbani, paka kama kawaida, angalia imeshuka kiasi gani, kisha zidisha mara mbili kwa ajili ya baridi. Kinachozidi 100 kiende kwenye begi kubwa. Chupa ya ziada ya miezi yote tisa usibebe, losheni na mafuta ya mgando vinapatikana huko.

Pochi nzima, pamoja na mashine, chaja, adapta na kioo, ilinipa gramu 940 kwenye mzani wa jikoni. Baada ya miezi tisa zipu haijakwama na turubai halijafifia. Mkanda wa kuning'inizia ulianza kufumuka mwezi wa tano, nikaurudishia kwa uzi wa kushonea viatu.

Ule mfuko wa plastiki unaoonekana ndani usiubwage ukitua KIA kwa kuhofia katazo la mifuko la Juni 2019. Tangazo la serikali liliruhusu mifuko ya zipu ya kubebea vitu vya usafi, kwa sharti kwamba msafiri abaki nayo, asiitupe nchini. Wangu nauosha, nauanika, unarudi pochini.