Kesingi ya kisima: plastiki au chuma?

Kesingi ni bomba linaloshikilia kuta za kisima kilichochimbwa zisibomoke. Kwa bei, plastiki ya PVC inashinda. Ni nyepesi, mafundi huiteremsha bila taabu, na haishiki kutu. Chuma kwenye maji ya chumvi au yenye asidi huliwa polepole: utaona maji mekundu pampu inapoanza asubuhi, baadaye mchanga.

Nguvu ndiyo hoja ya chuma. Kisima kikiwa kirefu, au udongo ukibomoka na kusukuma upande mmoja, PVC nyembamba hubonyea, na pampu ikinaswa humo kuitoa ni kasheshe. PVC nene hutosha visima vingi vya nyumbani, kwa hiyo mkataba utaje unene, usiseme "plastiki" tu.

Matundu ya kuingizia maji nayo yatazame. Yakikatwa kwa moto palepale kisimani huwa mapana na kupitisha mchanga unaokula pampu. Dai yaliyokatwa kiwandani.

Pampu ya inchi 4 ipe kesingi yenye inchi 5 kwa ndani. Maji ya chumvi, kina cha wastani: PVC. Kina kirefu, tabaka zinazobomoka: chuma. Na mkubaliane mapema nani atalipia mita za kesingi zitakazozidi makadirio.